Msimamizi amenirudishia tamko la mchango: nishushe vipi dai la "utafiti wa kwanza" bila kuufuta mchango wenyewe?

Kihenge (mleta mada)

Habari za jioni wakubwa na wenzangu. Ninamalizia tasnifu ya uzamili kuhusu uhifadhi wa mahindi, na makala yake inatakiwa kwenda kwenye jarida mwezi ujao. Msimamizi wangu ameirudisha bila kugusa mbinu wala matokeo. Alichokigusa ni aya moja tu, ile ya mchango wa utafiti, na pembeni yake ameandika maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Onyesha jedwali." Ameyarudia mara nne, kila mara akiwa amezungushia duara neno moja. Aya yenyewe ni hii:

"Utafiti huu ni wa kwanza Afrika Mashariki kuthibitisha kwamba mifuko isiyopitisha hewa huondoa kabisa upotevu wa mahindi ghalani, na unaleta suluhisho la kimapinduzi kwa usalama wa chakula wa wakulima wadogo. Aidha, umegundua kwamba kufungua mfuko mara kwa mara husababisha wadudu kurejea."

Maneno yaliyozungushiwa duara ni "wa kwanza", "kuthibitisha", "huondoa kabisa" na "husababisha".

Kazi ilifanyika hivi. Nilikwenda vijiji viwili vya wilaya ya Kongwa, nikapata kaya 40. Kila kaya iligawa mavuno yake yaleyale katika viroba viwili vya kilo 100, kimoja cha kawaida na kingine cha PICS, yaani mfuko usiopitisha hewa wenye nailoni mbili ndani. Wanakaya walichota chakula zamu kwa zamu kutoka viroba vyote viwili kama wanavyofanya siku zote, na kila walipofungua waliweka alama kwenye kadi iliyofungwa shingoni mwa kiroba. Nilipiga bambo kuchukua sampuli kila baada ya wiki 6 hadi wiki ya 24, nikahesabu punje zilizotobolewa. Kaya 4 niliziondoa kwa sababu panya walitoboa mifuko ya PICS. Kwa kaya 36 zilizobaki, punje zilizotobolewa zilikuwa wastani wa asilimia 5.8 kwenye PICS na asilimia 34.1 kwenye kiroba cha kawaida. Ndani ya hizo 36, kaya 11 zilizofungua PICS zaidi ya mara moja kwa wiki zilikuwa na asilimia 9.7, na kaya 25 zilizofungua mara chache zilikuwa na asilimia 4.1.

Ninakubali kwamba aya imevimba. Ninachoogopa ni kuipasua hadi nibaki na kazi isiyo na sababu ya kuchapishwa. Ninaomba msaada wenu.

Nguzo Nne

Ndugu Kihenge, hili halipaswi kukunyima usingizi. Tanguliza "kwa ufahamu wetu" mbele ya "ni wa kwanza", na neno "kuthibitisha" ulibadilishe kuwa "kuonyesha". Kwa tofauti ya 5.8 na 34.1 sina shaka kwamba thamani ya p ni ndogo sana, kwa hiyo hata "kuthibitisha" ningeweza kulitetea mbele ya jopo. Kuhusu "huondoa kabisa", andika "hupunguza kwa asilimia 83", kwa kuwa 28.3 ukiigawanya kwa 34.1 unapata hiyo. Sentensi ya mwisho iache ilivyo, maana data zake zinaonekana wazi.

MhakikiMkongwe

Nimehakiki makala za uhifadhi wa nafaka kwa miaka mingi, na aya ya namna hii ndiyo ninayoisoma kwanza kabla ya kufungua majedwali. Nguzo Nne amepatia kwenye "huondoa", kwa sababu asilimia 5.8 si sifuri na msomaji hahitaji mtaalamu wa kumwambia hivyo. Kwenye mengine sikubaliani naye, na nitaanza na "kwa ufahamu wetu".

Maneno hayo yana maana pale tu mwandishi anapokuwa ametafuta. Kihenge, utafutaji wa nusu saa ungekuonyesha kwamba jarida la Journal of Stored Products Research lilichapisha mwaka 2013 kazi ya Kenya iliyopima mifumo isiyopitisha hewa dhidi ya wadudu wa mahindi. Mwaka 2016 zilifuata kazi za Makueni zilizofanyika kwenye maghala ya wakulima wenyewe, na mwaka 2018 jarida hilohilo likachapisha ulinganisho wa njia za kuhifadhi mahindi mashambani katika ukanda wa kati wa Tanzania, yaani jirani yako kabisa. Kuhusu usalama wa chakula, mwaka 2021 Food Policy ilichapisha jaribio la nasibu la hapahapa Tanzania, ambalo lilipima moja kwa moja upungufu wa chakula katika kaya zilizopewa mifuko ya aina hii na zisizopewa. Ukiandika "kwa ufahamu wetu ni wa kwanza" mbele ya mhakiki anayezijua kazi hizo, utakuwa umetangaza kwamba ufahamu wako ni mfupi. Dai lenyewe litabaki kuwa la uongo vilevile.

Kwa hiyo "wa kwanza Afrika Mashariki" linaondoka lote. Haliwezi kupunguzwa, kwa sababu halina kipande kilicho kweli.

Sasa nikuulize jambo ambalo majibu yake unayo wewe peke yako. Katika kazi hizo zote, ni nani aliyekuwa akifungua mfuko, na alikuwa akiufungua kwa nini?

Mama Kibaigwa

Wanangu, nimesoma kichwa cha habari nikadhani mnazungumzia uuzaji wa hiyo mifuko. Mimi ninanunua na kuuza mahindi soko la Kibaigwa, na PICS ninaitumia msimu wa tatu sasa. Msimu wa kwanza niliweka magunia 12, mawili yakaota ukungu kwa sababu niliyamimina kabla hayajakauka vizuri, nilikuwa ninakimbizana na mvua. Kwa hiyo yeyote anayetaka kununua ajue kwamba mfuko haukaushi mahindi, bali unayafunga jinsi yalivyo.

Lakini mwanangu Kihenge, kuna kitu sijaelewa. Hicho kiroba chako cha kawaida kilikuwa na dawa au hakikuwa na dawa? Huku kwetu mahindi ya kukaa mpaka Februari bila dawa ya unga yanaliwa yote na dumuzi, yule mdudu tunayemwita Scania, na kila mtu anajua hivyo. Mtu mwenye kiroba cha kawaida anaweka dawa. Sasa ulimlinganisha nani na nani?

Kihenge (mleta mada)

Shikamoo mama. Viroba vya kawaida havikuwa na dawa. Nilifanya hivyo kwa makusudi ili nione nguvu ya mfuko pekee, bila kuichanganya na dawa.

MhakikiMkongwe

Mama Kibaigwa, nakushukuru, kwa maana swali lako lina uzito kuliko nusu ya maoni ya wahakiki ninayoyaona.

Kihenge, kulinganisha na kiroba kisicho na dawa si kosa la mbinu. Ni uchaguzi halali na una sababu uliyoieleza. Kosa linazaliwa kwenye aya ya mchango, pale unaposema "suluhisho kwa wakulima wadogo". Mkulima atakayeelezwa dai hilo na mshauri wa ugani ataelewa kwamba PICS imeshinda kile anachokifanya sasa, na kile anachokifanya sasa ni kiroba pamoja na dawa. Hukukipima. Tofauti kati ya 5.8 na 34.1 ni tofauti kati ya mfuko na kutofanya lolote, kwa hiyo maneno "ikilinganishwa na kiroba cha kawaida kisichowekwa dawa" yanapaswa kuwa ndani ya sentensi yenyewe ya mchango, si kwenye aya ya mipaka kurasa kumi mbele.

Na kwa kuwa Mama ametaja ukungu: je, ulipima kuvu, sumukuvu, au unyevu wa punje baada ya siku ya kwanza?

Kihenge (mleta mada)

Unyevu niliupima siku ya kujaza tu, na hakuna kaya iliyozidi asilimia 13.5. Kuvu na sumukuvu sikupima. Wala sikupima uzito uliopotea, nilihesabu punje zilizotobolewa kwa kila sampuli.

Kuhusu swali lako la jana, nimerudi kwenye makala ulizozitaja. Katika zile nilizoweza kuzipata, ratiba ya kufungua ilikuwa ya watafiti. Mfuko unafungwa, unakaa, timu inakuja kuchukua sampuli, unafungwa tena. Kwangu waliofungua ni wanakaya, na walifungua kwa sababu walitaka kupika ugali. Ndipo nilipoona kwamba kitu changu kimelala hapo, nami nilikuwa nimekitupa kwenye sentensi ya mwisho.

Nimeandika rasimu ya pili usiku wa kuamkia leo:

"Utafiti huu mdogo huenda unaweza kuchangia kwa kiasi fulani katika kuashiria kwamba, pengine, mifuko isiyopitisha hewa ina uwezekano wa kupunguza uharibifu wa mahindi katika baadhi ya mazingira."

MhakikiMkongwe

Hapana, ndugu yangu. Umetoka kwenye shimo moja ukaingia jingine. Hesabu maneno ya tahadhari: huenda, unaweza, kwa kiasi fulani, kuashiria, pengine, uwezekano, baadhi. Ni saba katika sentensi moja, na hakuna hata moja linalomweleza msomaji ulifanya wapi, kwa muda gani, kwa kaya ngapi. Kushusha dai maana yake ni kulifanya litoshe data. Kaya zako zilitumia mavuno yaleyale kwenye viroba viwili, nyumba moja, wadudu walewale, na tofauti ni kubwa. Hapo una haki ya kusema "ilipunguza" bila "huenda". Tahadhari inayotakiwa ni ya mawanda: vijiji viwili, msimu mmoja, wiki 24, kiroba kisicho na dawa. Ukiyataja hayo kwa namba, kitenzi chako kinaweza kusimama wima.

Badilisha pia "upotevu" kuwa "uharibifu". Punje iliyotobolewa bado ina sehemu inayolika, kwa hiyo asilimia 34 ya punje zilizotobolewa si asilimia 34 ya chakula kilichopotea. Uzito uliopotea huwa mdogo zaidi ya hapo, na kwa kuwa hukupima uzito, neno "upotevu" si lako.

Tumbatu

Ninaomba kutofautiana kwa heshima. Mimi niko mwaka wa pili baada ya uzamivu, nimeandika maombi ya ruzuku matano, na mawili ndiyo yaliyopita. Yaliyopita ni yale yaliyosema waziwazi kwamba kuna jambo jipya. Tunamfundisha kijana huyu kuandika "vijiji viwili, msimu mmoja" kwenye mstari wa kwanza, wakati mwenzake aliye kwingine anaandika "kwa mara ya kwanza" na anapokelewa. Mhariri anasoma muhtasari mamia kwa wiki. Asipoona upya ndani ya sentensi mbili, makala inarudi bila hata kufika kwa mhakiki. Hili si jambo la maadili pekee, ni riziki ya watu.

MhakikiMkongwe

Tumbatu, siupuuzi ugumu huo, nimeuona kwa wanafunzi wangu. Wala simwambii Kihenge asitaje upya. Ninamwambia autaje ule alio nao. "Mifuko hii hupunguza wadudu" mhariri wa jarida hilo amelisoma kwa zaidi ya miaka kumi. "Hivi ndivyo mfuko unavyofanya kazi kaya inapoufungua yenyewe ili ile, na kila ufunguzi umehesabiwa" huenda hajalisoma. Dai dogo la pili lina upya mwingi kuliko dai kubwa la kwanza.

Tumbatu

Kwa makala nimekuelewa. Kwa ruzuku bado sijashawishika, kwa sababu wanaosoma maombi mara nyingi si watu wa nafaka, na hawataona tofauti uliyoieleza.

Nguzo Nne

Basi tumepata dai: "Utafiti wa kwanza kupima athari ya kufungua mfuko." Lina upya, lina namba 9.7 dhidi ya 4.1, na tumemaliza.

MhakikiMkongwe

Bado, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwanza, athari ya kufungua imeshapimwa. Mwaka 2016, kwenye jarida lilelile, ilichapishwa kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue kuhusu kufungua mifuko isiyopitisha hewa na yanayofuata kwenye ubora wa punje, kuvu na sumukuvu. Walijishughulisha zaidi na kuvu, na mazingira yao si jiko la Kongwa, lakini neno "kufungua" limo kwenye kichwa cha makala yao. Kwa hiyo "wa kwanza kupima kufungua" nalo halisimami. Kinachosimama ni chembamba zaidi: ufunguzi ulioamuliwa na kaya kwa ajili ya chakula, kwenye mahindi, ukirekodiwa kila siku.

Pili, na hili ndilo zito, Kihenge ana matokeo ya aina mbili kwenye aya moja na ameyapa nguvu sawa. Aina ya mfuko aliigawa yeye: kila kaya ilipata viroba vyote viwili. Idadi ya kufungua hakuigawa yeye, kaya zilijichagulia. Kihenge, zile kaya 11 zilizofungua sana zina tofauti gani na zile 25?

Kihenge (mleta mada)

Nimeangalia daftari la ukubwa wa kaya. Zile 11 zina wastani wa watu 8, zile 25 zina wastani wa watu 5. Na kwa kuwa ni wengi, walimaliza mahindi upesi zaidi. Kufikia wiki ya 18, mifuko yao mingi ilikuwa imebaki chini ya nusu.

MhakikiMkongwe

Hapo una maelezo matatu yanayogombea matokeo yaleyale. La kwanza ni lile uliloliandika: kila ukifungua, hewa safi inaingia, na wadudu ambao walikuwa wamedumaa kwa kukosa oksijeni wanapata nafuu. La pili ni nafasi tupu: mfuko ulio nusu, usipokamuliwa na kukunjwa hadi ufikie mahindi, una hewa nyingi juu ya punje chache, hata kama umefunguliwa mara moja tu. La tatu ni kwamba wadudu wapya wanaingia kupitia bakuli au mkono, au wanatambaa kutoka kiroba cha kawaida kilichosimama pembeni, na wewe mwenyewe ndiwe uliyekiweka hapo. Hukupima oksijeni ndani ya mfuko, kwa hiyo huwezi kuchagua kati ya la kwanza na la pili. Kitenzi "husababisha" kinachagua la kwanza kwa niaba yako.

Andika "iliambatana na". Na utoe kipimo cha tofauti pamoja na upana wake. Unao?

Kihenge (mleta mada)

Ninao. Tofauti ni nukta 5.6 za asilimia, na kwa kiwango cha asilimia 95 inaanzia 0.9 hadi 10.3.

MhakikiMkongwe

Basi msomaji anaona mwenyewe. Inaweza kuwa karibu haipo, na inaweza kuwa zaidi ya nukta kumi. Namba hizo mbili zinafanya kazi ambayo "huenda" saba hazikuweza kuifanya.

Mama Kibaigwa

Na ile mifuko minne iliyotobolewa na panya imekwenda wapi? Mimi kwangu mwaka jana panya alitoboa mitatu kati ya ishirini. Ningekuwa na ruhusa ya kuifuta kwenye hesabu zangu ningekuwa tajiri.

Kihenge (mleta mada)

Mama, niliitoa kwa sababu mfuko uliotoboka si mfuko usiopitisha hewa tena, kwa hiyo haupimi kitu nilichotaka kukipima. Lakini sampuli zake nilizichukua. Wiki ya 24 zilikuwa na asilimia 19, 22, 28 na 31.

MhakikiMkongwe

Mama Kibaigwa ameniwahi, nilikuwa ninaelekea huko. Kuna maswali mawili, na kila moja lina wingi wake wa kaya. Ukiuliza "mfuko mzima unafanya nini?", jibu ni kaya 36. Ukiuliza "mkulima akipewa mfuko huu, baada ya wiki 24 atakuwa na nini?", jibu ni kaya 40, kwa sababu panya ni sehemu ya ghala la mkulima. Aya yako ya mchango inazungumza na swali la pili huku ikitumia namba za swali la kwanza. Rudisha wale wanne, kisha utuambie.

Kihenge (mleta mada)

Nimehesabu upya. Kwa kaya 40, PICS ina wastani wa asilimia 7.7 na viroba vya kawaida asilimia 34.6. Nilikuwa ninaogopa kwamba tofauti ingeanguka, lakini bado ni kubwa.

Ninachojiuliza ni kama niweke zote mbili kwenye aya ya mchango au moja. Jarida linaniruhusu maneno 150 tu kwenye sehemu hiyo.

Nguzo Nne

Mimi ningeweka 36 kwenye mchango na 40 kwenye matokeo. Kazi yako inahusu kufungua, na kufungua hakuna maana kwenye mfuko wenye tundu.

MhakikiMkongwe

Hoja ya Nguzo Nne ina nguvu kwa sentensi ya kufungua, na hapo 36 ibaki. Kwa sentensi ya mfuko dhidi ya kiroba ningeweka 40, na ningeutaja wazi utobozi wa panya, kwa sababu kaya 4 kati ya 40 ni habari ambayo afisa ugani ataihitaji kuliko wastani wowote. Wahakiki wenzangu wengine watakuambia kinyume. Uamuzi ni wako na msimamizi wako, ilimradi msomaji asilazimike kubahatisha ni kaya zipi zilizohesabiwa wapi.

Kihenge (mleta mada)

Hii ndiyo rasimu ya tatu. Nimekaa nayo siku mbili.

"Tafiti za Kenya na Tanzania zimeshaonyesha kwamba mifuko isiyopitisha hewa hupunguza uharibifu wa wadudu kwenye mahindi, kwa kawaida mifuko ikifunguliwa kwa ratiba ya watafiti. Utafiti huu unaongeza vipimo vya mifuko iliyofunguliwa na kaya kwa ajili ya chakula, kila ufunguzi ukirekodiwa, katika vijiji viwili vya wilaya ya Kongwa kwa wiki 24 za msimu mmoja. Katika kaya 40, zikiwemo 4 ambazo mifuko yake ilitobolewa na panya, mifuko hiyo ilipunguza punje zilizotobolewa na wadudu hadi asilimia 7.7, ikilinganishwa na asilimia 34.6 katika viroba vya kawaida visivyowekwa dawa. Katika mifuko 36 iliyobaki mizima, kufungua zaidi ya mara moja kwa wiki kuliambatana na uharibifu zaidi, kwa nukta 5.6 za asilimia (0.9 hadi 10.3). Utafiti hautenganishi mchango wa kuingia kwa hewa, nafasi tupu ndani ya mfuko, na wadudu wapya."

"Usalama wa chakula" nimeliondoa kabisa, kwa kuwa sikupima nani alikula nini. "Kimapinduzi" nalo limeondoka. Nimemtumia msimamizi asubuhi hii, akajibu kwamba ameona majedwali yote manne, isipokuwa anauliza kama nirudishe "kwa ufahamu wetu" kwenye sentensi ya pili.

Tumbatu

Nimeisoma mara mbili. Nikiwa mhariri, ningeituma kwa wahakiki. Niseme hivyo kwa uwazi, ingawa kwenye ombi la ruzuku bado nisingeianza hivi.

Kuhusu "kwa ufahamu wetu", mimi ningelirudisha, kwa sababu hapo sasa lina kitu cha kulinda.

MhakikiMkongwe

Ningelirudisha kwa sharti moja: mbinu zako ziseme ulitafuta kwenye hifadhidata zipi, kwa maneno gani, na mpaka tarehe gani, pamoja na maneno ya Kiswahili, kwa maana tasnifu nyingi za vyuo vyetu hazijaingia kwenye hifadhidata za kimataifa. Kama hukutafuta maktaba za vyuo vya hapa, acha sentensi ilivyo. "Unaongeza" linatosha, na hakuna atakayekunyang'anya.

Jambo moja dogo limebaki. Umeandika "iliyofunguliwa na kaya kwa ajili ya chakula" kana kwamba hawakuangaliwa. Kadi ilikuwa shingoni mwa mfuko. Mtu anayeweka alama kila anapofungua anaweza kuanza kufungua mara chache, kwa sababu alama zinamtazama. Je, una namna yoyote ya kujua kwamba walifungua kama walivyokuwa wakifungua zamani?

Kihenge (mleta mada)

Sina. Nilicho nacho ni kwamba alama za mwezi wa kwanza na za mwezi wa tano zinakaribiana katika kaya nyingi, lakini hilo halinionyeshi jinsi walivyofanya kabla sijafika. Nitaandika "huku zikirekodi kila ufunguzi zenyewe", ili msomaji ajue kwamba anayefungua na anayeandika ni yule yule, kisha suala la kadi nilieleze kwenye mipaka. Utafutaji wa maktaba za vyuo nitaufanya wiki hii ndipo niamue kuhusu "kwa ufahamu wetu".

Mama Kibaigwa

Mwanangu, ukimaliza hiyo makala, kamuulize mtu apime PICS na kiroba chenye dawa, viroba vyote viwili vikiwa vinafunguliwa kila siku. Hilo ndilo wanaloniuliza wateja wangu, na mpaka sasa sina la kuwajibu.

Kihenge (mleta mada)

Nimeliandika hilo kama swali la utafiti unaofuata, mama, na nimelitoa kwenye mchango wa huu.